Mkopo au hisa mpya: kisa cha nukta ya 292

Tuseme kuna kampuni inayotengeneza vifungashio, na bodi yake imeshakubali kupanua kiwanda. Mradi wenyewe haubishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni milioni 600 za kuujenga zitoke wapi. Mkurugenzi wa fedha anataka zikopwe zote. Mwenyekiti wa bodi anataka ziuzwe hisa mpya. Kila mmoja amefika kikaoni na karatasi yake, na ukizikagua karatasi hizo kwa kikokotoo hukuti kosa la kujumlisha wala la kutoa. Hata hivyo majibu yake yanapingana.

Hali ya kampuni kwa sasa ni hii. Ina hisa milioni 10. Ina deni la zamani la milioni 400 kwa riba ya asilimia 10, kwa hiyo hulipa riba ya milioni 40 kwa mwaka. Faida yake ya uendeshaji, yaani faida kabla ya riba na kodi, ni milioni 200. Kodi ya faida ni asilimia 30. Toa riba, toa kodi, unabaki na milioni 112 za wanahisa, ambazo ni 11.20 kwa kila hisa.

Benki iko tayari kutoa milioni 600 kwa riba ya asilimia 14, sawa na milioni 84 kwa mwaka. Ukiongeza zile 40 za zamani, riba yote inakuwa milioni 124. Upande wa hisa, bei ya sokoni ni 134, lakini wanunuzi hawatazichukua hisa nyingi kwa mpigo bila punguzo. Zitauzwa kwa 125, na gharama za mauzo zikishaondolewa kampuni itapokea 120 kwa kila hisa. Ili kupata milioni 600 lazima iuze hisa milioni 5, na jumla ya hisa itafika milioni 15.

Mwenyekiti amefanya hesabu kwa faida ya uendeshaji ya sasa, milioni 200. Kwa mkopo anapata 5.32 kwa hisa, kwa hisa mpya anapata 7.47. Kwake shauri limekwisha: mkopo unawaumiza wanahisa. Mkurugenzi wa fedha ametumia makadirio ya mwaka wa tatu baada ya upanuzi, milioni 320. Kwa mkopo anapata 13.72, kwa hisa mpya 13.07. Kwake pia shauri limekwisha, ila limekwisha kwa upande wa pili.

Kosa la mwenyekiti ni rahisi kuliona. Amechukua faida ya kiwanda cha zamani na kuitwika riba ya kiwanda kipya. Faida ya kuweka kwenye hesabu hii ni ya kampuni nzima baada ya upanuzi. Si faida ya leo, wala si faida ya mradi peke yake. Nimeona watu wakichukua ongezeko linaloletwa na mradi, ambalo hapa ni milioni 120, na kulilinganisha na nukta ya kampuni nzima, kisha wakashangaa kwa nini mkopo unashindwa kila mara.

Kosa la mkurugenzi wa fedha limejificha zaidi. Namba yake ni moja tu, na ni ya mwaka wa tatu. Ili kuona uzito wake inabidi kwanza tujue ni wapi majibu ya pande mbili yanakutana.

Nukta hiyo ya usawa ni kiwango cha faida ya uendeshaji ambapo mapato kwa hisa ni yale yale, iwe umekopa au umeuza hisa. Kiwango hicho tukiite X, kwa mamilioni:

```
(X − 124) × 0.7 ÷ 10 = (X − 40) × 0.7 ÷ 15
15X − 1860 = 10X − 400
X = 292
```

Katika milioni 292, njia zote mbili zinampa mwanahisa 11.76 kwa hisa. Chini ya hapo hisa mpya zinampa zaidi, juu ya hapo mkopo unampa zaidi. Utaona kuwa kodi imejifuta, kwa sababu 0.7 iko pande zote mbili. Hilo ni kweli mradi riba yote inaruhusiwa kupunguza faida inayotozwa kodi. Nchi nyingi siku hizi huweka kikomo kwa riba hiyo, na kampuni iliyopita kikomo hulazimika kuweka kodi tofauti kila upande. Nukta ya kweli basi husogea juu.

Watu wengi huishia kwenye fomula. Mimi naona maana yake ni nzuri kuliko fomula yenyewe. Hisa mpya ni 5 kati ya 15, yaani theluthi moja. Anayezinunua anachukua theluthi ya kila kinachobaki baada ya riba ya zamani kulipwa. Benki haichukui theluthi ya kitu. Inachukua milioni 84, mwaka uwe mzuri au mbaya. Kwa hiyo swali lote ni hili: theluthi ya (X − 40) inafikia lini milioni 84? Inafikia pale X − 40 inapokuwa 252, na X ni 292. Faida ikiwa ndogo, fungu la mwanahisa mpya ni dogo kuliko riba, na yeye ndiye mgeni wa bei nafuu. Faida ikikua, fungu lake linakua nayo na kuipita riba, na hapo benki ndiyo inakuwa nafuu.

Ukilishika hilo huhitaji tena kukariri fomula. Unachukua riba mpya, unaigawa kwa sehemu ambayo hisa mpya zitashika katika kampuni, kisha unaongeza riba ya zamani. Unaweza kuifanya hesabu hiyo ukiwa umeketi kikaoni, kabla mtu hajafungua lahajedwali.

Sasa turudi kwenye 320. Iko juu ya 292, na kwa namba hiyo mkurugenzi wa fedha ana haki. Lakini pengo ni milioni 28 tu, chini ya asilimia 9 ya makadirio. Kampuni hii ikitazama miaka yake iliyopita, inakuta faida yake ya uendeshaji hutofautiana na makadirio kwa takriban asilimia 20 kupanda au kushuka. Kwa makadirio ya 320 hiyo ni kama milioni 64. Tukichukulia kuwa mtawanyiko huo una lile umbo la kengele la kawaida, basi kwa kila miaka mitatu mwaka mmoja hivi utaangukia chini ya 292. Mkopo unashinda kwa makadirio ya katikati, ila ushindi huo hauko salama hata kidogo.

Tena mkopo ukishindwa unashindwa vibaya kuliko unavyoshinda katikati. Hii hapa picha ya mapato kwa hisa katika miaka mitatu tofauti:

| Faida ya uendeshaji | Mkopo | Hisa mpya |
|---|---|---|
| Milioni 220 | 6.72 | 8.40 |
| Milioni 320 | 13.72 | 13.07 |
| Milioni 400 | 19.32 | 16.80 |

Kila milioni moja ya faida inayopotea humwondolea mwanahisa wa kampuni iliyokopa 0.07. Kwa kampuni iliyouza hisa ni chini kidogo ya 0.05. Mkopo haujabadilisha biashara yenyewe hata chembe. Wateja ni wale wale na mashine ni zile zile. Ulichofanya ni kuongeza mwinamo wa mstari, na mstari wenye mwinamo mkali hupanda haraka na kushuka haraka.

Hadi hapa tumezungumzia mapato kwa hisa peke yake, na humo ndimo ilimo hatari kubwa ya kipimo hiki. Mapato kwa hisa hayaoni marejesho ya mkopo. Riba hupunguza faida, lakini fedha unazorudisha benki ili kupunguza deni hazipiti kwenye hesabu ya faida. Zinatoka mfukoni kimyakimya.

Benki inataka milioni 600 zirudi kwa miaka 6, yaani milioni 100 kila mwaka. Deni la zamani linarejeshwa kwa milioni 50 kwa mwaka. Kampuni inahitaji pia milioni 40 kila mwaka kubadilisha vipuri na mashine zinazochoka. Upande wa pili, uchakavu wa milioni 90 umekatwa kwenye faida ingawa hakuna fedha iliyotoka, kwa hiyo tunaurudisha. Ukikopa zote, mahitaji ni 190, uchakavu unafidia 90, na faida baada ya kodi lazima ilete milioni 100 zilizobaki. Ili ilete 100 baada ya kodi ya asilimia 30, lazima iwe karibu 143 kabla ya kodi. Ongeza riba ya 124. Faida ya uendeshaji inapaswa kuwa angalau milioni 267, na hapo bado hujalipa gawio hata moja.

Mwaka wa faida ya 220 tuliouona kwenye jedwali, ambao unampa mwanahisa 6.72 na kuonekana ni mwaka dhaifu tu, kwa kweli ni mwaka ambao kampuni inapungukiwa karibu milioni 33 za kulipa wadai wake. Ripoti ya mwaka itaonyesha faida huku mhasibu akitafuta nani wa kumchelewesha. Kwa mtawanyiko ule ule wa 64, hali ya kuwa chini ya 267 inaweza kutokea kama mara moja katika miaka mitano.

Na huo ni mwaka wa tatu, kiwanda kikiwa kimekomaa. Makadirio ya mkurugenzi wa fedha mwenyewe yanasema mwaka wa kwanza faida itakuwa milioni 230, kwa sababu mashine mpya huchukua muda kuzoeleka na wateja wapya huja taratibu. Kwa 230, mpango wa mkopo mtupu unaacha pengo la karibu milioni 26. Kwa hiyo pengo halisubiri mwaka mbaya. Limo ndani ya makadirio yake, katika mwaka alioutarajia mambo yaende kama yalivyopangwa. Namba yake ya mwaka wa tatu iliruka juu ya shimo hilo bila kulitazama. Ningekuwa kikaoni ningemwomba kwanza aweke mezani miaka yote mitatu, kisha tuendelee.

Mwenyekiti asifurahi mapema, maana hisa mpya nazo zina udhaifu wake, na udhaifu huo uko kwenye bei. Nukta ya 292 inategemea 120 kwa hisa. Soko likichangamka na kampuni ikapokea 150, itahitaji kuuza hisa milioni 4 tu, na nukta itapanda hadi 334. Hapo hisa mpya zinashinda hata kwa faida ya 320. Soko likilegea na ikapokea 100, itauza hisa milioni 6 na nukta itashuka hadi 264. Bei inayogeuza jibu kwa makadirio ya 320 ni 140. Riba nayo inafanya vivyo hivyo: kwa asilimia 15 nukta ni 310, kwa asilimia 16 ni 328, na mkopo umeshashindwa. Kama riba ya benki ni ya kupanda na kushuka, basi kampuni haina nukta moja. Ina ukanda, na makadirio yake yako ndani ya ukanda huo.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nadhani halisemwi vya kutosha. Chukua 11.76, mapato kwa hisa kwenye nukta ya usawa, uyagawe kwa bei ya 120. Unapata asilimia 9.8. Sasa chukua riba ya asilimia 14 na uondoe unafuu wa kodi wa asilimia 30. Unapata asilimia 9.8 vilevile. Hili halikutokea kwa bahati. Nukta ya usawa ndipo mapato ya hisa mpya, kama asilimia ya bei yake, yanapolingana na gharama ya mkopo baada ya kodi. Maana yake ni kwamba kipimo hiki kinamchukulia mwanahisa mpya kana kwamba anaridhika na asilimia 9.8. Hakuna mwekezaji mwenye akili timamu anayekubali kukaa nyuma ya benki kwenye foleni ya malipo na kutegemea kupata chini ya asilimia 14 ambazo benki inapata ikiwa mbele. Anakubali kwa sababu anategemea mapato yakue. Gharama yake ya kweli ni kubwa kuliko kipimo kinavyoonyesha, na hisa zikiwa na bei ya juu, kipimo kitaendelea kuziita nafuu.

Upande wa mkopo pia kipimo kinadanganya, kwa njia nyingine. Wanauchumi Modigliani na Miller walionyesha mwaka 1958 kwamba deni likiongezeka, wanahisa hudai faida kubwa zaidi kufidia hatari waliyobebeshwa, kwa hiyo kupanda kwa mapato kwa hisa peke yake hakumaanishi kuwa hisa ina thamani zaidi. Unafuu wa kodi kwenye riba huongeza kitu, lakini si kila kilichoonekana kwenye mapato kwa hisa. Kwa kampuni yetu, soko sasa linalipa karibu mara 12 ya mapato. Kwa hisa mpya, 13.07 mara 12 ni karibu 157. Kwa mkopo, soko likiona deni limetoka milioni 400 hadi milioni 1,000 na likashusha kizidisho hadi 11, basi 13.72 mara 11 ni 151 tu. Mapato kwa hisa ni makubwa kuliko ya njia ya hisa mpya, huku hisa yenyewe ikiwa na bei ndogo. Inatosha kizidisho kishuke hadi karibu 11.4 ili faida yote ya kukopa iliyo kwenye karatasi ipotee.

Nini kifanyike basi? Kwanza kuna njia ya katikati ambayo hakuna aliyekuja nayo kikaoni: kukopa milioni 300 na kuuza hisa milioni 2.5 kwa bei ile ile ya 120. Riba yote inakuwa milioni 82 na hisa milioni 12.5. Kwa faida ya 320, mwanahisa anapata 13.33. Kwa 292 anapata 11.76, kama njia nyingine zote, maana kwa masharti yale yale kila mchanganyiko hupita kwenye nukta ile ile. Ameacha 0.39 ukilinganisha na mkopo mtupu. Lakini marejesho mapya ni milioni 50 badala ya 100, na kiwango cha faida ambacho chini yake fedha zinapungua kimeshuka kutoka 267 hadi karibu 153. Mwaka wa kwanza wa 230 unapita na ziada ya karibu milioni 54.

Mkurugenzi wa fedha anaweza kujibu, na ni jibu la haki, kwamba tatizo lake ni muda wa mkopo na si mkopo wenyewe. Benki ikikubali miaka 12 badala ya 6, marejesho yanakuwa milioni 50, na kiwango cha kupungukiwa kinashuka kutoka 267 hadi 195 hivi. Tazama kilichotokea kwa nukta ya usawa: hakuna. Bado ni 292. Sharti lililoamua kama kampuni itaweza kulipa wadai wake au la halikuigusa hata kidogo.

Hata hivyo benki ikikupa miaka mingi hutaka riba zaidi. Ikidai asilimia 15 badala ya 14, riba yote inafika milioni 130, na kwa faida ya 320 mwanahisa anapata 13.30 kwa mkopo mtupu wa miaka 12. Hiyo ni chini kidogo ya 13.33 za mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa miaka 6, na kiwango cha kupungukiwa ni 201 badala ya 153. Kwa masharti hayo ningepiga kura kwa nusu kwa nusu. Ningeomba pia hisa mpya zitolewe kwanza kwa wanahisa wa sasa kulingana na walizo nazo, kwa sababu punguzo kutoka 134 hadi 125 likibaki mikononi mwao halimpi mgeni chochote. Na siku moja kabla ya mauzo mtu achukue bei ya soko ya siku hiyo, aondoe punguzo na gharama, na aone kama kampuni itapokea zaidi ya 140. Ikiwa ndivyo, mkutano urudiwe, kwa sababu hoja ya mkopo itakuwa imeondoka yenyewe.